Glasi ya Bamia Inayolala Mezani

Jikoni kwa shangazi yangu, Tanga, kulikuwa na glasi iliyolala mezani kila usiku ikiwa imefunikwa kisosi. Ndani yake mna bamia tatu, zimekatwa vikonyo na ncha, zikapasuliwa kwa urefu, zikazamishwa kwenye maji ya kunywa. Asubuhi maji yale hayamiminiki tena kama maji. Ukichovya kijiko na kukiinua, kinafuatwa na uzi mrefu wa ute unaoning'inia, unakonda, kisha unakatika na kurudi ndani. Shangazi alizitoa bamia kwa vidole, akazitupa, akaziba pua, akanywa kwa mkupuo mmoja. Funda la mwisho alilibakiza kwa ajili ya kumezea kidonge chake cha metfomini.

Maelekezo alipewa na mwenzake wa kwenye VIKOBA, naye aliyapata kwenye simu kama tunavyoyapata wengi wetu. Siku aliyoanza, mashine ya sukari ilisoma 12.4 kabla hajala kitu. Siku ya nne ikasoma 9.6. Akanipigia simu kabla hata ya kuvua miwani.

"Mwanangu, hii kitu inashusha. Mimi nimeiona kwa macho yangu."

Sikumbishia. Namba alizoziona zilikuwa za kweli, na bamia si mti wa ajabu ambao mtu anaweza kuupuuza kwa kusema ni ushirikina. Metfomini yenyewe, kidonge anachokimeza kila siku, ina asili ya mmea: kemikali zilizoongoza kwenye dawa hiyo zilipatikana katika ua moja la Ulaya liitwalo galega, na ilikuwa 1957 ndipo daktari Mfaransa Jean Sterne alipochapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wa kisukari. Kwa hiyo anayesema mmea hauwezi kushusha sukari hajui historia ya dawa. Swali langu kwa shangazi lilikuwa dogo zaidi: katika siku zile nne, kilichoshusha kilikuwa nini?

Ili kulijibu inabidi kwanza kuujua ule ute.

Ute wa bamia ni wanga wa aina ambayo matumbo yetu hayawezi kuumeng'enya. Ni minyororo mirefu ya sukari ndogondogo zilizoshikana, jamaa wa karibu wa pektini, ile inayofanya jamu igande. Kwa kuwa hatuna vimeng'enya vya kuikata, minyororo hiyo hupita tumboni ikiwa mizima, na inapokutana na maji hujitandaza na kuyashika, ndipo maji yanakuwa mazito. Wataalamu wa lishe huziita nyuzinyuzi zinazoyeyuka. Zimo pia kwenye shayiri na maharage, na mama zetu wa Dodoma na Singida wanazijua kwa jina la mlenda bila kumsubiri mtaalamu yeyote.

Kazi yake ni ya kimwili zaidi kuliko ya kidawa. Ukila ugali, wanga wake unavunjwavunjwa kuwa glukosi, na glukosi hiyo lazima isafiri kutoka katikati ya utumbo mwembamba hadi kwenye ukuta wake ili iingie damuni. Chakula kikiwa chepesi kama uji, safari hiyo ni ya haraka. Kikiwa kimechanganyika na ute, tumbo linakitoa polepole, na glukosi inajikokota kuelekea ukutani kama mtu anayetembea kwenye tope la mpunga. Sukari ileile inaingia, ila kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo haipandi kileleni kwa kishindo. Mtu mwenye kisukari cha aina ya pili, ambaye insulini yake imechelewa au mwili wake unaisikia kwa shida, hupata nafuu kwa kucheleweshwa huko.

Ukishaelewa hivyo, kasoro ya glasi ya alfajiri inaonekana yenyewe. Ute hauna jambo la kufanya na sukari ambayo haipo tumboni. Shangazi alikunywa saa kumi na mbili, akakaa saa nzima bila kula kama alivyoelekezwa, na maji hayakai tumboni yakisubiri wageni. Chai ilipofika, sehemu kubwa ya yale maji ilikwishatangulia.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu ile namba ya asubuhi. Sukari inayosomwa kabla ya kula haijatoka kwenye chakula cha usiku peke yake. Usiku ini huachia glukosi kidogo kidogo ili ubongo usikose, na kwa mtu mwenye kisukari ini hilo huzidisha, hasa kuelekea alfajiri. Ndiyo maana mtu anaweza kulala na 8 akaamka na 9.5 bila kuonja kitu. Metfomini inafanya kazi hapo hapo, kwenye ini. Ute wa bamia haufiki huko. Unabaki ndani ya utumbo mpaka unapotoka.

Halafu tuje kwenye kiasi, maana hapa ndipo hesabu inapouma. Bamia moja ya wastani ina uzito wa gramu 12 hivi, na tisa ya kumi ya uzito huo ni maji. Katika gramu 100 za bamia mbichi mna gramu 3 na kidogo za nyuzinyuzi za kila aina. Bamia tatu za shangazi, basi, zilikuwa na nyuzinyuzi gramu moja na ushee. Kati ya hizo, sehemu kubwa ni zile ngumu za ganda na mbegu ambazo haziyeyuki, nazo alizitoa kwa vidole na kuzitupa. Kilichobaki kwenye glasi ni sehemu ya gramu moja. Utafiti wa nyuzinyuzi nyingine za aina hii, kama maganda ya isapgoli ambayo maduka ya Wahindi huuza, hutumia kwa kawaida gramu 10 hivi kwa siku. Uzi ule mrefu kwenye kijiko unadanganya macho: ute kidogo sana unatosha kuyafanya maji yavutike.

Sasa, waliopima wameona nini?

Sehemu kubwa ya sifa za bamia imetoka kwa panya. Mwaka 2011, kwa mfano, watafiti wa India waliwapa panya waliosababishiwa kisukari unga wa maganda na mbegu za bamia, na sukari ya panya hao ikashuka. Ni matokeo ya kweli, lakini panya hao walipewa unga uliokaushwa, kwa kipimo kinachohesabiwa kwa kila kilo ya uzito, na kisukari chao kilitokana na sindano ya kemikali inayoharibu kongosho. Kutoka hapo hadi kwenye glasi ya Tanga ni mbali.

Majaribio ya binadamu yapo, ingawa ni machache na madogo. Kadhaa yamefanyika Iran. Katika mojawapo, lililochapishwa 2020, wagonjwa 60 wa kisukari cha aina ya pili waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa gramu 10 za unga wa bamia uliokorogwa kwenye mtindi, ukaliwa pamoja na mlo wa mchana na wa jioni kwa wiki nane. Kundi lingine lilipewa mtindi wenye unga usio na bamia. Walioupata unga wa bamia walishuka sukari ya kabla ya kula, na mafuta ya damuni nayo yalipungua. Zingatia mambo mawili hapo: ilikuwa bamia nzima iliyokaushwa na kusagwa, na iliingia tumboni pamoja na chakula. Gramu 10 za unga ni sawa na kama gramu 100 za bamia mbichi, yaani bamia nane hivi, pamoja na maganda na mbegu zake.

Mwaka 2023 watafiti wa Afrika Kusini na wenzao waliyakusanya majaribio nane ya namna hiyo, yenye jumla ya watu 331 wenye kisukari cha aina ya pili au walio mlangoni mwake, na kuyachambua kwa pamoja. Sukari ya kabla ya kula ilikuwa imeshuka kwa wastani wa miligramu 14.6 kwa desilita. Sisi tunaotumia milimoli tunagawanya kwa 18, tunapata 0.8. Kwa maneno mengine, aliyekuwa na 9.6 angetarajia 8.8. Wastani huo nao unayumba: hesabu zao zinaruhusu ukweli kuwa 0.2 tu, au kufika 1.4.

Ila kwenye kipimo cha HbA1c, kile ambacho kliniki nyingi hukiita kipimo cha miezi mitatu, bamia haikuonyesha tofauti yoyote ya kueleweka. Hapo ndipo ninapowaomba wasomaji watulie. Kidole cha asubuhi kinakuambia habari za asubuhi hiyo. HbA1c inapima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi takriban miezi mitatu hadi minne, namba yake ni kama hesabu ya duka ya robo mwaka. Wanaotetea bamia watasema majaribio mengi yalikuwa mafupi mno kuweza kuisogeza, na hoja hiyo ina uzito: wiki nane hazitoshi kuionyesha picha yote. Lakini metfomini huishusha kwa karibu asilimia moja, na mabadiliko ya ukubwa huo yangeanza kuonekana hata katika muda huo.

Na yote hayo ni habari za unga na vidonge vya bamia. Maji yaliyolala usiku, yale hasa yanayosifiwa, hayakuwa ndiyo yaliyobeba matokeo hayo.

Nilipofika Tanga nilimwomba shangazi daftari lake. Ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo daftari lina mistari iliyopigwa kwa rula, tarehe, saa, namba, na safu ya "Maelezo" ambayo ilinisaidia kuliko zote. Siku ya 12.4 ilikuwa Jumatatu. Kwenye maelezo ameandika: *harusi kwa jirani, Ijumaa hadi Jumapili*. Siku tatu za pilau, biriani na soda. Watu wengi huanza tiba mpya siku ambayo namba imewatisha, na namba iliyopanda kupita kawaida yake mara nyingi inashuka yenyewe siku zinazofuata, hata ukinywa maji ya mvua. Kawaida yake, tuliporudi nyuma kurasa mbili, ilikuwa kati ya 9 na 10. Hiyo 9.6 ya ushindi ilikuwa namba yake ya siku zote.

Kisha kulikuwa na lile sharti la kukaa saa nzima bila kula. Kabla ya bamia, asubuhi yake ilikuwa vitumbua viwili anavyoletewa na kijana wa mlangoni saa kumi na mbili na nusu, na chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Kijana hasubiri saa nzima. Vitumbua vikakatika. Na kwa kuwa mtu hawezi kunywa ute kwa kuziba pua halafu akajimiminia sukari, na sukari ya chai nayo akaipunguza mpaka kijiko kimoja, asubuhi na jioni. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Vijiko vinne vilivyopungua kwa siku ni gramu 16, bila kuhesabu vitumbua. Sukari hiyo aliiacha, na sifa yake ikaandikwa jina la bamia.

Lingine ni mashine yenyewe. Watu tunaiamini kama mizani ya sonara, lakini kanuni ya kimataifa ya mashine hizi za nyumbani inaridhika ikiwa namba imekosea kwa asilimia 15 juu au chini ya ile ya maabara, kwa sukari ya kuanzia 5.6 kwenda juu. Kwenye 9, asilimia 15 ni zaidi ya 1.3. Kumbuka kwamba faida yote ya bamia katika uchambuzi ule ilikuwa 0.8. Yaani kipimo kimoja leo na kingine kesho haviwezi kuiona bamia hata ikiwepo. Unachokiona kinaweza kuwa ni mtikisiko wa mashine. Na mikono nayo ina hadithi yake. Siku moja nikiwa pale mashine ilisoma 13.8, shangazi akashika kichwa. Alikuwa ametoka kumenya maembe. Alinawa kwa sabuni, akajikausha, akatoboa kidole kingine: 9.1.

Kabla ya kujaribu chochote, kulikuwa na jambo moja la kurekebisha, nalo ni lile funda la mwisho la kumezea kidonge. Mwaka huohuo wa 2011 watafiti wa Bangladesh walichapisha jaribio la panya ambalo watu wa maji ya bamia hawalitaji sana. Waliona kwamba sehemu ya bamia inayoyeyuka majini ilipunguza kasi ya glukosi kuingia damuni, sawa na tunavyotarajia. Lakini panya walipopewa metfomini pamoja na ile bamia, ute uliishika dawa pia, na metfomini haikushusha sukari kama ilivyopaswa. Ni panya, sijasahau nilichosema juu yao. Ila utaratibu wake unaeleweka kirahisi: tope linalochelewesha glukosi haliulizi kama kinachopita ni glukosi au dawa. Shangazi alikuwa anaichovya dawa yake yenye ushahidi ndani ya dawa isiyo na ushahidi. Alipomuuliza muuguzi wa kliniki, alijibiwa ameze kidonge baada ya chakula kwa maji matupu, na kama hataki kuacha bamia, aviachanishe kwa saa kadhaa.

Tukafanya jaribio letu la jikoni. Kliniki ilikuwa imempa boksi la vijiti 50 vya kupimia, akakubali kuyatoa sadaka 24. Sheria zilikuwa zake, kwa sauti ya ualimu: mikono inawe, chakula kiwe kilekile, kipimo kabla ya tonge la kwanza na kingine saa mbili kamili baada yake, na tunachoandika ni namba iliyopanda kati ya vipimo viwili, siyo namba ya mwisho. Kupanda ndiko kunakoonyesha chakula kimefanya nini.

Siku sita za kwanza zilikuwa za asubuhi. Chapati moja, yai la kuchemsha, chai bila sukari. Siku tatu alitangulia na glasi ya bamia saa moja kabla, siku tatu alitangulia na glasi ya maji ya kawaida, kwa kupishana. Siku za bamia sukari ilipanda kwa 3.6, 4.1 na 3.1. Siku za maji ilipanda kwa 3.9, 3.3 na 3.9. Wastani ni 3.6 kwa 3.7. Shangazi aliiangalia ile tofauti ya sehemu moja ya kumi muda mrefu.

"Kwa hiyo nimeziba pua bure?"

Siku sita za pili zilikuwa za mchana. Ugali wa kikombe kimoja cha unga, kipande cha changu wa kuchoma, na mboga. Siku tatu mboga ilikuwa mchicha. Siku tatu ilikuwa bamia, kiasi cha nane, zimechemshwa na nyanya na kitunguu, bila kukaangwa, na hakuna kilichotupwa isipokuwa vikonyo. Siku za mchicha ilipanda kwa 3.5, 2.9 na 4.1. Siku za bamia, 2.6, 3.1 na 2.4. Wastani 3.5 kwa 2.7.

Hapo alitabasamu, nami nikaanza kumharibia furaha. Mara moja siku ya bamia ilipanda zaidi ya siku mojawapo ya mchicha. Vipimo sita vya mtu mmoja havithibitishi kitu. Na kubwa kuliko hayo, safu ya "Maelezo" ilikuwa na maneno *ugali ulibaki* katika siku mbili kati ya tatu za bamia. Bamia nane ni bakuli zima. Zinajaza tumbo na kuteleza na tonge moja kwa wakati, mtu anashiba mapema. Je, ni ute uliochelewesha sukari, au ni ugali uliobaki kwenye sahani? Kwa namba hizo huwezi kusema. Nadhani ni vyote viwili, na mgonjwa hana sababu ya kugombana na chochote kati yake.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, fanya hivyo hivyo, ila usibadilishe dawa hata moja katika siku hizo. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi awe mwangalifu zaidi: dawa hizo hushusha sukari hata kama hukula vya kutosha, na aliyepunguza ugali ghafla kwa shauku ya bamia anaweza kutetemeka, kutoka jasho jembamba na kuchanganyikiwa saa tisa alasiri. Wa kisukari cha aina ya kwanza asiwaze kabisa kuiweka bamia mahali pa insulini; mwili wake hauna insulini ya kucheleweshewa sukari, na kuacha sindano kunaweza kumfikisha wodini kwa siku chache. Mwenye historia ya mawe ya figo naye ashauriane na daktari kabla ya kula bamia nyingi kila siku, kwa sababu zina oksaleti, na mawe mengi ya figo hutokana nayo.

Kwa wanaoendelea na glasi, neno moja la jikoni. Bamia imetoka shambani, ikapigwa dawa ya wadudu, ikashikwa sokoni na mikono mingi. Ukiipasua bila kuiosha na kuilaza usiku kucha katika joto la pwani, umewaandalia bakteria uji. Shangazi alipata tumbo la kuendesha wiki ya pili, akaambiwa na mwenzake kwamba "ni dawa inasafisha." Dawa haikuwa inasafisha kitu. Bamia ioshwe vizuri kwa maji yanayotiririka kabla ya kukatwa, maji yawe yamechemshwa na kupoa, glasi ilale kwenye friji, na ikiwa asubuhi ina povu au harufu ya uchachu imwagwe.

Matarajio, basi, yawe na ukubwa unaolingana na ushahidi. Aliye na 7.4 akala bamia za kutosha pamoja na chakula kila siku anaweza kuona namba zake zikitulia kidogo. Aliye na 14 hatashushwa na mboga yoyote mpaka 7, na kila wiki anayoisubiri bamia imfanyie hivyo ni wiki ambayo macho, figo na nyayo zake vinalipa. Na yule ambaye namba zake zinapanda hata anapokula vizuri na kumeza dawa, hitaji lake ni daktari abadilishe kipimo cha dawa, kitu ambacho hakiwezi kutokea ikiwa amekaa kimya kliniki akihofia kucheka kwa muuguzi.

Shangazi hakukaa kimya. Alilipeleka daftari lote, rula na yote, na daktari alilisoma kurasa mbili kabla ya kupima HbA1c. Ilikuwa 8.4. Aliongezewa metfomini, akaambiwa bamia ale kadiri anavyopenda, kwenye sahani. Miezi mitatu baadaye ilisoma 7.5, naye amewaambia wenzake wa VIKOBA kwamba ni dawa, na bamia, na kijana wa vitumbua aliyekata tamaa ya kugonga mlango wake.

Kisosi kimerudi chini ya kikombe cha chai. Chai haina sukari, na hilo analilalamikia kila asubuhi.